Jiwe Tulilolipaka Chokaa

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na moja, na ndipo shida ilipoanza. Baba alikufa pamba ikiwa bado shambani, baba zangu wadogo wakagawana ng'ombe, mimi nikatolewa shule darasa la tatu nikashike jembe la maksai upande wa Mhunze. Sijarudi darasani mpaka leo. Lakini kusoma najua na kuandika najua. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari, mjukuu wangu akayapiga chapa. Ukiona herufi imekosewa ni yake.

Miaka ya katikati sitaieleza yote, ilikuwa mingi na inafanana. Mjini Shinyanga nilibeba abiria kwa baiskeli miaka kumi na minne. Kiti cha nyuma nilikishona mwenyewe kwa sponji na ngozi ya mbuzi, na kulikuwa na walimu waliokataa kupanda baiskeli nyingine kwa sababu ya kiti kile. Pikipiki zilipoanza kuingia kwa wingi nilikuwa nimeshavuka arobaini. Vijana walikuwa wananiamkia shikamoo halafu wananipita mlimani. Nikauza ng'ombe wanne, nikanunua ya kwangu mwenyewe, si ya tajiri, nikahamia Masumbwe. Dhahabu ilikuwa inavuta watu, na watu wanataka kubebwa.

Mke wangu ni Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa kweli, na mdomo anao. Alikuwa anapika chapati alfajiri, jua likichomoza tunaondoka kwenda machimboni, yeye anauza chai kwa wachimbaji, mimi nafanya kazi yangu. Beseni la chapati tuliliweka katikati yetu, limefunikwa kitambaa, chupa kubwa ya chai imening'inia begani kwake, mkono mmoja kashika beseni, mwingine kashika koti langu.

Asubuhi zile nazikumbuka kuliko asubuhi nyingine zote za maisha yangu. Baridi ya mwezi wa sita, moshi wa mkaa umelala chini haujapanda, joto la chapati linanipasha mgongo. Yeye anazungumza njia nzima. Nusu ya maneno upepo unachukua, mimi najibu "eeh" tu. Siku moja nilijibu "eeh" nikaja kugundua jioni kwamba nimekubali mama yake aje kukaa nasi. Alikaa miezi saba.

Njia ya machimboni wakati huo ilikuwa ya changarawe. Kulikuwa na mteremko mrefu, na chini ya mteremko kona ya kulia. Upande wa kulia, ndani ya kona, kulikuwa na ua wa minyaa mrefu kuliko mtu, kwa hiyo huoni ng'ambo. Upande wa kushoto, nje ya kona, ukishapita katikati kidogo, kulikuwa na jiwe. Kimo chake kama ndama, limekaa hatua mbili kutoka barabarani. Ukianza kushuka tu linakutazama usoni.

Wa kwanza kuligonga alikuwa kijana wa kijiwe chetu, akavunja taa na kidole cha mguu. Wiki mbili baadaye mwingine, na abiria wake. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kijiwe. Nikaitisha kikao pale pale tunapokaa, kila mtu juu ya pikipiki yake.

"Jiwe lile halionekani," nikasema. "Lina rangi ya vumbi. Tulipake chokaa, mtu alione tangu juu."

Kulikuwa na kijana mmoja mcheshi, mwembamba, hakuna kikao alichokiacha kiende salama. Akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, na tukishaliona, tunalifanyaje?"

"Unalikwepa. Swali gani hilo?"

Wakacheka, wakanipigia makofi mimi. Tukalipaka chokaa mara tatu mpaka likang'aa kama kanisa. Ndani ya mwezi uliofuata wakaligonga watu wanne.

Hapo maneno yakabadilika. Watu wakasema jiwe linataka kitu. Akaitwa mganga, tukachinja kondoo mweusi, mganga akasimika mti pembeni ya jiwe akaufunga kitambaa chekundu. Akatuachia na mwiko: dereva yeyote akifika pale alipigie jiwe honi mbili na alitazame vizuri, asilipite kama hakuliona, maana likidharauliwa litakasirika. Mimi sikupinga. Nyama ya kondoo nilikula na honi nilipiga. Kijiwe kizima tulikuwa tunashuka mteremko ule tukipiga honi na kulikodolea jiwe macho, asubuhi na jioni, kama askari wanaopita mbele ya jukwaa. Na bado watu waliligonga. Tukaona tu kwamba kondoo alikuwa mdogo.

Halafu ikawa zamu yangu, na mke wangu akiwa nyuma.

Nitaeleza kosa lenyewe lilivyokuwa, maana sasa nalijua. Nilikuwa nalihofia lile jiwe. Kwa kulihofia nikaingia kulia mapema, kabla kona haijafunguka, nikajibana kwenye minyaa upande ambao si wangu. Ghafla lori la kifusi likatokea. Nikarudi kushoto kwa kushtuka, lori likapita. Kati ya lori na jiwe kulikuwa na barabara ya kupita ng'ombe wawili sambamba. Sikuiona. Niliona weupe wa chokaa na wekundu wa kitambaa, basi, macho yakaganda pale, na pikipiki ikafuata macho. Nikakamata breki ya mbele, tairi likateleza kwenye changarawe, tukaenda chini. Pikipiki ilifika kwenye jiwe bila sisi. Na kabla ya kukamata breki, naona aibu lakini nasema, nilipiga honi mbili.

Mimi nilichubuka. Mke wangu alivunjika mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Chapati zilisambaa barabara nzima, na wapita njia wawili walitusaidia kuinuka huku wanatafuna.

Hospitali, akishafungwa plasta, hakulia wala hakunilaumu mwanzoni. Aliniuliza kitu kimoja.

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Barabarani."

"Muongo. Mimi nilikuwa nyuma yako, kofia yako naiona. Lori limeshapita, barabara iko kule, kofia imeelekea kwenye jiwe. Haikutikisika mpaka tumeanguka."

"Mganga alisema tuliangalie."

"Mganga hakuwa anaendesha." Akageukia ukutani. "Sipandi tena nyuma yako, baba watoto. Sijakasirika. Sipandi tu."

Nikafikiri maumivu yakiisha ataghairi. Plasta ilipokatwa, asubuhi ya tatu alijitwisha beseni akatoka kwa miguu. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na mkono ule bado haujanyooka sawasawa. Nilimfuata na pikipiki taratibu, nikamwambia panda, njia yetu ni moja. Akasema, "Tangulia, utachelewa abiria wako."

Abiria gani? Masumbwe ni mji mdogo. Watu waliona mke wa mwenyekiti wa bodaboda anatembea na beseni kichwani, na mumewe yuko kijiweni kakaa juu ya pikipiki nzima. Siku moja mchimbaji mmoja, mteja wangu wa kila siku, alinifikia akasita.

"Mzee, samahani. Mama yule anayetembea si mkeo?"

"Ni mke wangu."

"Hapandi kwako?"

"Anafanya mazoezi."

Akaniangalia, akaangalia pikipiki. "Mimi nina watoto wanne, mzee wangu," akasema, akapanda kwa kijana wa pembeni. Yule mcheshi hakuniachia. Kila nikifika asubuhi: "Mwenyekiti, mama amepita hapa saa moja kasorobo. Kasema anakusalimia, na ukimaliza kupumzika umfuate." Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nimejijenga mwenyewe kwa mapaja yangu, na nikawa kichekesho cha kijiwe.

Nikamwuliza mke wangu siku moja, tukila, sasa unataka nini. Nilitegemea aseme uza pikipiki. Akasema, "Nataka nione shavu lako."

"Shavu?"

"Nilipokwenda kukatwa plasta nilipanda na yule nesi wa chanjo. Kila kona, kabla hata pikipiki haijalala, niliona shavu lake. Kidevu kimegeuka, anaangalia kule tunakokwenda. Kwako naona kichogo tu, kutoka nyumbani mpaka machimboni. Siku nikiona shavu lako kwenye kona ile nitapanda. Kichogo nimeshakijua."

Yule nesi watu walimwita Mama Chanjo. Mzinza, mfupi, mnene kidogo, alikuwa na pikipiki ya serikali ndefu kuliko yeye, akisimama nayo anaegesha mguu mmoja tu. Amebeba lile sanduku la barafu la chanjo nyuma, anazunguka vijiji hata mvua ikinyesha, na hakuna aliyewahi kusikia ameanguka. Tulikuwa tunasema kijiweni kwamba ana dawa. Hata mara moja hatukusema kwamba anajua kuendesha. Mwanamke, bwana.

Kwenda kumwuliza kulinichukua siku nne. Siku ya tano nikamkuta zahanati anafunga sanduku kwa mpira.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nesi, nimekuja. Mke wangu anasema wewe una shavu."

Alicheka mpaka akaegemea pikipiki. Nikataka kuondoka. Akanishika mkono. "Kaa, baba. Nimemwelewa. Kesho nikitoka vijijini tukutane saa nane pale kwenye lile jiwe lenu mlilolipamba kama la harusi."

Saa nane nilikuwapo. Alifika, akaegesha pikipiki juu ya mteremko, akasema leo hatuendeshi, leo tunatembea. Tukasimama tunaitazama kona kutoka juu.

"Nieleze lile jiwe lilivyo," akasema.

Nikaeleza. Ufa unaoanza kwenye pembe ya juu ya kulia mpaka chini. Alama ya taa ya pikipiki ya yule kijana wa kwanza. Pale chokaa ilipodondoka kama ramani. Kitambaa kimechanika ncha mbili. Nilijivuna kidogo, nililijua vizuri.

"Na baada ya kona kuna nini?"

Nikaitazama ile minyaa.

"Pale barabara inaponyooka tena. Mkono wa kushoto. Kuna nini?"

Ulikuwa mwaka wa pili napita pale mara sita, mara nane kwa siku. Sikujua. Akanishika tukatembea mpaka tukavuka minyaa, akanionyesha. Kulikuwa na kisima cha pampu, sakafu ya saruji, foleni ya ndoo, kina mama wamekaa wanaongea. Mmoja akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwadila," kama mtu anayenifahamu. Bila shaka alinifahamu. Alikuwa ameniona kila siku nikitokea pale, macho yametoka, ndio kwanza nashukuru kupona.

"Umelisoma jiwe, hujaisoma barabara," nesi akasema. "Pikipiki haijui pa kwenda. Inakwenda unakoangalia, kwa sababu mikono na mabega yako vinafuata macho bila kukuuliza. Ukiliogopa jiwe ukalikazia macho, unajipeleka mwenyewe."

Tukarudi juu, akanionyesha mstari kwa fimbo, kama mwalimu. Hakuwa na haraka. Mwendo unaumaliza ukiwa bado wima, kabla ya kona, breki zote mbili, gia ya pili, halafu vidole viachane na breki ya mbele. Ndani ya kona mafuta yawe kidogo na yawe sawa, usifunge usifungue ghafla. Unabaki kushoto, lakini si ukingoni kabisa ambako malori yanatupia changarawe iliyolegea. Unakaa kwenye mfuo wa tairi lao la kushoto, pale udongo umeshindiliwa.

"Nikibaki kushoto si nalifuata jiwe?" nikamwuliza.

"Hapo ndipo mnapokosea wote. Mnaliogopa, kwa hiyo mnaingia kulia mapema. Anayeingia mapema anakuwa mzuri mwanzo wa kona, halafu mwisho kona inamtupa nje. Na nje mwishoni kuna nini?"

"Jiwe."

"Haya. Sasa ukibaki nje, minyaa inakufungukia. Utaona ng'ambo kabla ya yule aliyejibana ndani, hata lori utaliona. Ukishaona kona inakoishia ndipo unaingia, usivuke katikati, halafu unaiachia ikurudishe kushoto taratibu. Barabara itakuwa imenyooka."

Akanifundisha na kuangalia pale kingo mbili za barabara zinapokutana mbele. Mahali pale pakikukimbia, kona inafunguka, ongeza mafuta kidogo. Pakikujia, kona bado inabana, subiri. Na kulaza pikipiki si kupindisha kiwiliwili kama mnenguaji. Unausukuma mkono wa kulia wa usukani mbele kidogo tu, yenyewe inalala kulia. Kidevu kimeshageuka zamani.

"Na jiwe nisiliangalie kabisa?"

"Umeshalijua liko wapi, baba. Halitahama."

Nikiwa nimesimama pale na fimbo yake mchangani nilikumbuka Mhunze. Siku yangu ya kwanza kwenye jembe, baba mdogo alinionyesha mti wa mgunga mwisho wa shamba akasema angalia ule, usiangalie kwato wala kisiki. Mimi nikaangalia kisiki, niliogopa kuvunja jembe. Maksai wakaenda hapo hapo, jembe likapinda, nikachapwa. Mstari wangu wa pili ulinyooka kama kamba. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijua. Sasa mtu mzima nimefundishwa tena na mtu wa kuchoma watoto sindano. Sikumwambia. Nilimwambia asante, akaniambia nimpelekee chapati mkono wa mke wangu ukipona.

Kujua ni kitu kimoja. Asubuhi iliyofuata nilishuka peke yangu, nikajiambia kisima, kisima, kisima. Nilipofika chini macho yalikimbilia kwenye weupe yenyewe. Nilikwenda mara saba siku ile, na mara saba nikachungulia jiwe. Siku ya pili hivyo hivyo. Sisi wenyewe ndio tulilifanya hivyo. Tulikuwa tumepaka chokaa kitu ambacho mtu hapaswi kukitazama.

Nikaitisha kikao.

"Lile jiwe nataka tulitoe chokaa," nikasema. "Na kitambaa."

Mmoja akasema, "Mwenyekiti, kitambaa ni cha mganga."

"Nitakitoa mimi, mkono wangu."

Mcheshi akasema, "Wewe ndiye ulisema tulipake."

"Nilikosea."

Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo kijiweni, na sijui kama nimelisema tena. Tukaenda watu watano tu, wengine waliogopa. Chokaa haikutoka vizuri, tukalisiriba kwa udongo mwekundu mpaka likafanana na ardhi. Kitambaa nilikifungua mimi. Hakuna kilichonipata, isipokuwa mcheshi alinifuata siku tatu ananiuliza kama bado napumua.

Macho yangu yakatulia polepole. Siku ya tano nikapita bila kuliona jiwe. Nilikuwa nimeshafika kisimani ndipo nikakumbuka kwamba kulikuwa na jiwe. Kijiweni walinicheka kwa kugeuza shingo, wakasema mwenyekiti anakata kona kama twiga anatafuta majani. Nikawaachia wacheke. Pikipiki haikuwa inakatakata tena, ilikuwa inapinda mara moja, kama maji.

Kitu ambacho sikujua ni kwamba mke wangu alikuwa anapumzika pale kisimani. Njia yake ya miguu ilipita hapo, anatua beseni, anakunywa maji, kina mama wanampa habari. Akakaa anatutazama sote tukitokea nyuma ya minyaa. Kwa mbele, bwana, unaona kila kitu. Anasema wengine walitokea macho yao yako kushoto, uso umepinda, pikipiki inapapasa. Mimi alinisubiri siku tisa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, nilikuwa na mzigo wa ndoo za plastiki nyuma. Nikabaki kushoto kwenye mfuo, minyaa ikafunguka, nikaona sakafu ya saruji, na juu ya sakafu khanga ya bluu ambayo naijua, nimeinunua mimi. Nikaiona nikiwa bado nusu ya kona. Nikaiangalia mpaka pikipiki ikasimama mbele yake.

"Leo umeniona," akasema.

"Nimekuona tangu kule."

"Najua. Nilikuona unaniona." Akawageukia kina mama. "Haya, jamani, kesho sipo. Mtachota maji wenyewe."

Mmoja akajibu, "Mayu, mama wee, tulikuwa tunachota kabla hujaja." Wakacheka wote.

Siku ile hakupanda, nilikuwa na ndoo za watu. Alimalizia njia kwa miguu, mimi nikatangulia. Kesho yake beseni likarudi katikati yetu. Tulipoanza kushuka mteremko alinyamaza, kitu ambacho si cha kawaida yake. Mkono ulioshika koti ulikaza. Nilimaliza mwendo nikiwa wima, nikaweka gia ya pili, nikageuza kidevu. Tulipita kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Tulipofika kisimani alinigonga kofia kwa kifundo cha kidole, mara moja.

"Nimeliona," akasema. "Linahitaji wembe."

Halafu akaanza kuongea, akaongea mpaka machimboni, na nusu sikusikia.

Alipanda nyuma yangu miaka tisa baada ya hapo. Wachimbaji walimwona anashuka kwangu kila asubuhi, chapati haijaanguka wala chai haijamwagika, wakarudi mmoja mmoja, hata yule mwenye watoto wanne. Kijiweni tukaweka utaratibu ambao ulikuwa wangu: dereva mpya hapewi namba ya kijiwe mpaka nimempakia nyuma yangu kwenye kona ile, na kutoka hapo aniambie baada ya kona kuna nini. Asiyejua anarudi kutembea kwa miguu. Mcheshi alifundisha wengi kuliko mimi. Alikuwa na maneno.

Sasa barabara imewekwa lami, minyaa imekatwa, kona imenyooshwa, na jiwe lilipasuliwa likawa kokoto za kalvati. Mtoto anapita pale kwa mwendo wowote. Mimi nikipita, shingo inageuka yenyewe kulia, na hakuna kona. Natamani nyakati nyingine iwepo, asubuhi moja tu ya mwezi wa sita, joto la chapati mgongoni na yeye anaongea maneno ambayo upepo unayachukua. Magoti yake hayapandi pikipiki siku hizi, anapenda bajaji, anakaa ndani kama mbunge. Nesi alihamishwa upande wa Kharumwa, kisha alistaafu, chapati alikula nyingi.

Mali yangu leo ni hii. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, bati jipya. Kiwanja kingine Masumbwe chenye msingi. Pikipiki tatu, mbili wanaendesha vijana wangu, moja naendesha mwenyewe. Bajaji moja. Ng'ombe ishirini na wawili na jembe la maksai. Ekari saba za mpunga na nne za pamba. Mgahawa wa mke wangu, meza sita, jiko la gesi. Kofia ngumu tano. Watoto sita, wote walimaliza shule.